Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mitihani: pimeni ramani iliyochapishwa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, nimevumilia nimechoka. Ulituahidi walimu wa Jiografia kwamba kila swali la ramani litajaribiwa kwenye karatasi ile ile atakayoishika mwanafunzi. Mtihani wa majaribio uliokwisha juzi unaonyesha ahadi hiyo haikutekelezwa.

Ramani iliandikwa skeli 1:50,000, na swali likataka umbali wa moja kwa moja kutoka shuleni hadi darajani. Mwongozo wa usahihishaji unasema kilomita 3, maana mtungaji alipima sentimita 6, na kila sentimita ni nusu kilomita. Lakini ramani ilipunguzwa hadi asilimia 70, nadhani ili ienee ukurasa mmoja na jedwali la mvua. Mwanafunzi akiweka rula anapata sentimita 4.2. Anakokotoa vizuri kabisa, anaandika kilomita 2.1, nami naagizwa nimkoseshe. Nimekesha nikiwanyima alama watoto waliopima sawasawa! Mngechora skeli ya mstari haya yasingetokea, kwani mstari hupungua pamoja na ramani, ilhali 1:50,000 hubaki vile vile hata pale isipokuwa kweli tena.

Jedwali nalo lilitoa mvua ya kila mwezi, kwa milimita, ya vituo A na B. Kisha swali: "Eleza kwa nini milimani hunyesha mvua nyingi." Funika jedwali kwa kiganja, Mheshimiwa. Swali bado linajibika kwa aliyekariri daftari. Takwimu 24 zimechapwa na hakuna aliyelazimika kusoma hata moja.

Na swali zuri lilikuwa pale pale. Ramani ina safu ya milima kutoka kaskazini hadi kusini, na mshale unaoonyesha upepo wenye unyevu ukivuma kutoka mashariki. Mngeweka nukta P mashariki ya milima na Q magharibi, bila kusema kituo kipi kiko wapi, kisha mkauliza: Kituo A kiko P au Q? Toa ushahidi mmoja wa jedwali na mmoja wa ramani. Mwanafunzi angejumlisha miezi, akapata milimita 1,240 kwa A na 410 kwa B, kisha angeona kwamba P ndiyo inayopigwa na upepo huo, hivyo A ni P. Aliyeteleza kidogo kwenye kujumlisha lakini akatoa hoja vizuri angebaki na alama za hoja. Jumla ya mwaka msiiandike kwenye jedwali, mtakuwa mmemfanyia kazi.

Mtihani wa mwisho bado haujachapwa. Naomba jambo moja tu: nakala ya kwanza ikitoka mashineni, mtu achukue rula, apime ramani hiyo, alinganishe na mwongozo. Pimeni nakala iliyochapishwa, Mheshimiwa, kabla haijafungwa kwenye bahasha.

Wako,
Mwalimu wa Jiografia, kidato cha pili