Mchezaji ameshavua dagaa, gemu bado linamfundisha kushusha wavu

"Kaka, mtu kashanunua mtumbwi wa pili, lakini kila akifungua gemu anaelekezwa namna ya kuwasha taa!" Wateja wanaotuletea magemu yao hapa Kigoma tuyarekebishe hutueleza malalamiko ya namna hii mara kwa mara.

Tuchukue gemu moja la uvuvi wa dagaa, lililotengenezwa kwa Godot. Mchezaji anatoka mwalo wa Kibirizi usiku, anawasha taa, anangoja dagaa wakusanyike kwenye mwanga, kisha anashusha wavu. Kila hatua ina kidokezo chake, na akiimaliza, alama kama `mafunzo["wavu"]` inawekwa `true`. Mpaka hapo hakuna kasoro. Ila msimbo wa kusevu uliandika pesa, mafuta, jumla ya kilo zilizovuliwa na mahali mtumbwi ulipo, basi. Alama za mafunzo zilibaki kwenye kumbukumbu ya muda, na gemu likifungwa zinapotea.

Ndiyo maana mtengenezaji mwenyewe huwa haoni tatizo. Anasevu, anarudi kwenye menyu, anafungua tena, na vidokezo havitokei, kwa sababu gemu halikuzimwa na alama bado zipo. Lizime kabisa, uliwashe, ndipo ufungue ulichosevu. Jaribu na kinyume chake: maliza mafunzo, rudi kwenye menyu, anza mchezo mpya bila kuzima. Vidokezo visipotokea kabisa, chanzo ni hicho hicho: alama za mchezaji wa kwanza zimerithiwa na wa pili. Kwa hiyo mchezo mpya nao lazima uanze na `mafunzo = {}`.

Upande wa kusevu, unaongeza `mafunzo` kwenye data inayoandikwa. Kazi yenyewe iko kwenye mafaili ya zamani, ambayo hayana sehemu hiyo:

```gdscript
mafunzo = d.get("mafunzo", {})
if d.get("jumla_kilo", 0) > 0:
    mafunzo["taa"] = true
    mafunzo["wavu"] = true
```

Aliyewahi kuvua hata kilo moja bila shaka alishawasha taa na kushusha wavu, kwa hiyo tunamwekea alama zote mbili. Tunaangalia jumla ya kilo alizovua tangu aanze, wala si zilizomo mtumbwini, maana huenda ameshauza zote. Ambaye hajavua chochote ataona vidokezo mara moja zaidi, na hilo halimuumizi.

Ikiwa alama zimo kwenye faili na vidokezo bado vinatokea, angalia mpangilio: pengine kidokezo kinaitwa ndani ya `_ready()` kabla faili halijamaliza kusomwa.

Ukituletea gemu lako, picha ya skrini peke yake haitusaidii sana. Tuletee faili lenyewe la mchezaji aliyelalamika. Kwenye Windows, kwa kawaida liko ndani ya `%APPDATA%\Godot\app_userdata`, katika folda yenye jina la mradi wako.