Yah: Kukataliwa kwa dhamana ya jokofu kutokana na namba ya siriali iliyokosewa kwenye ankara

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja niliyenunua jokofu la milango miwili kupitia tovuti yenu, na ukurasa wa bidhaa hiyo ulieleza bayana kwamba jokofu zima lina dhamana ya miezi 24, na kompresa yake miaka 10. Mwezi wa saba baada ya kukabidhiwa, liliacha kugandisha. Fundi wa kituo cha huduma cha mtengenezaji alilikagua, akaandika kwamba kompresa inafanya kazi bila kupumzika lakini mabomba yanayopaswa kutoa joto yamebaki baridi, naye akahitimisha kuwa gesi imevuja. Hakuona dalili ya matumizi mabaya.

Pamoja na taarifa hiyo, kituo kilikataa kulitengeneza chini ya dhamana kwa sababu namba ya siriali iliyoandikwa kwenye ankara yenu si ile iliyo kwenye kibandiko cha jokofu. Kwa mtengenezaji, namba hiyo ndiyo inayotofautisha jokofu moja na mengine yote ya modeli ileile, hivyo zisipolingana, ankara haithibitishi kwamba jokofu lililoletwa mbele yake ndilo lililouzwa tarehe hiyo. Siwalaumu kwa kuwa waangalifu. Lakini hitilafu hiyo ilitokea kwenu, na uthibitisho wake umo katika karatasi zenu wenyewe.

Ankara yenu ilitolewa siku nilipolipa, kabla mzigo haujatoka ghalani. Hati ya kupokelea mzigo ilijazwa siku ya makabidhiano, ambapo dereva wenu alinakili namba kutoka kwenye boksi, nami nikasaini baada yake. Namba ya kwenye hati hiyo inalingana, herufi kwa herufi, na ya kibandiko kilichomo ndani ya jokofu, na pia na ya boksi, ambalo nililipiga picha kabla ya kulitupa. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba ghala lilitenga jokofu moja kwa ajili ya oda yangu na kupakia jingine la modeli hiyohiyo, na ankara haikusahihishwa. Bila nakala ya hati ya kupokelea mzigo, ambayo wateja wengi huiacha mikononi mwa dereva, nisingekuwa na namna ya kulionyesha hili.

Nilipowaandikia, mlinijibu kwamba muda wa siku 14 wa kurejesha bidhaa umepita. Naomba mambo haya mawili yasichanganywe. Muda huo ni wa mnunuzi aliyebadili mawazo, au aliyeletewa kitu tofauti na alichoagiza. Mimi sijabadili mawazo. Ninadai matengenezo ya kifaa kilichoharibika ndani ya dhamana mliyoitangaza, nami ninayo picha ya skrini ya tangazo hilo, yenye tarehe ya siku niliyonunua. Isitoshe, nililipa fedha kwenu na wala si kwa mtengenezaji, na sheria za walaji za nchi nyingi humwajibisha muuzaji kwa bidhaa mbovu hata pale mtengenezaji anapotoa dhamana yake.

Ofisa wenu mmoja alinieleza pia kwa simu kwamba nisubiri tu kwa kuwa kompresa ina miaka 10. Jibu hilo halinisaidii. Dhamana hiyo ndefu inahusu kompresa peke yake, na kompresa yangu ni nzima. Kilichovuja ni sehemu nyingine ya mfumo wa gesi, inayolindwa na ile miezi 24. Kila wiki inayopita katika mabishano inakatwa kwenye muda huo, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi.

Kwa hiyo ninaomba, ndani ya siku 10 za kazi, mnipatie ankara iliyosahihishwa yenye namba halisi ya siriali na tarehe ileile ya ununuzi, pamoja na barua fupi kwa kituo cha huduma inayokiri kwamba kosa lilitokea wakati wa kupakia. Kituo kikiendelea kukataa, nitadai kwenu matengenezo bila malipo, au jokofu jingine, au fedha zangu. Naomba pia mthibitishe kwa maandishi kwamba siku zilizopotea kwa sababu ya kosa hili zitaongezwa kwenye dhamana.

Nimeambatanisha nakala za ankara, hati ya kupokelea mzigo, ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala, taarifa ya fundi na picha nilizozitaja. Nakala halisi ninabaki nazo, na nitamkabidhi mtu yeyote pale tu atakaponisainia kuwa amezipokea. Jokofu limezimwa, na halitafunguliwa na fundi wa nje hadi mtakapojibu, ili isije ikadaiwa baadaye kwamba limechezewa. Tafadhali nijibuni kwa baruapepe, kwa kuwa majibu ya simu hayaniachii kumbukumbu.

Wako mwaminifu,
Mteja