Malalamiko kuhusu barua yenu ya kuomba radhi ya tarehe 22 Januari

Moshi,
26 Januari 2026

Meneja Mkuu,
Ofisi ya Ukumbi,
Moshi.

YAH: BARUA YENU YA KUOMBA RADHI KWA UKUMBI KUPEWA FAMILIA MBILI TAREHE 3 JANUARI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeipokea barua yenu. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekaa na dada yangu, mama mzazi wa binti tuliyemfanyia send-ofu siku hiyo, naye aliponiuliza, "Sasa hapa wanaomba radhi kwa kosa gani?" nilikosa jibu. Nawashukuru kwa kuandika. Lakini barua hiyo imenikasirisha kuliko siku yenyewe, na ninaomba mnisikilize hadi mwisho.

Mmeandika kwamba "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, ratiba ziliingiliana", na kwamba mnaomba radhi "kwa usumbufu wowote uliojitokeza". Ratiba haziingiliani zenyewe, Ndugu Meneja. Tarehe 3 Januari iliuzwa mara mbili na watu wenu wawili, mezani kwenu. Nalijua hilo kwa sababu daftari lilifunguliwa mbele ya macho yangu.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Tumefika na Kenta ya mpambaji, vitambaa vya dhahabu na kijani, maua yaliyotoka Arusha usiku ule, na dada yangu amekuja kuona meza kuu inavyopangwa. Tukafungua mlango tukakuta vijana wengine wako juu ya ngazi wanafunga vitambaa vya zambarau. Ofisa wenu wa mapokezi akaleta daftari. Mstari mmoja, majina mawili: la kwetu kwa penseli, la wenzetu kwa kalamu ya wino. Akalitazama, akainua uso, akamuuliza dada yangu mbele ya wapambaji wa pande zote mbili: "Mama, nyie mmelipa kiasi gani?"

Barua yenu haina neno hata moja juu ya swali hilo.

Advansi tulilipa tarehe 13 Septemba 2025, nusu, Sh. 1,750,000. Salio tulimaliza tarehe 27 Disemba kwa Lipa Namba yenu, keshia akatupa risiti. Hakuna aliyekwenda mapokezi kuifuta penseli na kuandika kwa wino. Mwezi Novemba ofisa wenu wa masoko naye alikuwa anapokea watu kwa simu yake, akaona penseli, akadhani ni watu wanaoulizia tu. Hiyo ndiyo sababu, na iko ndani kabisa ya uwezo wenu. Mimi nasimamia shughuli za watu, nimeliona kosa hili kwenye kumbi zaidi ya moja, na kila mara linaanzia palepale: fedha inaingia mlango mmoja, tarehe inaandikwa mlango mwingine, na milango hiyo haizungumzi. Familia ile nyingine siilaumu hata kidogo, nao walidanganywa kama sisi.

Kwa hiyo barua iliyostahili kuletwa kwa dada yangu ingeanza hivi: "Tarehe 13 Septemba tulipokea fedha yako, tukaacha jina lako kwa penseli, na mwezi Novemba tukaiuza tarehe yako kwa mtu mwingine. Kosa ni letu." Sentensi mbili. Mtu aliyekosewa anataka kwanza kusikia kwamba aliyemkosea anaelewa alichofanya. Baada ya hapo ndipo masikio yake yanafunguka kusikia mengine. Nyie mmeanza na "Mpendwa Mteja" wakati jina lake liko kwenye risiti zenu mbili.

Nakuja kwenye zawadi yenu. Mmetupa punguzo la asilimia 10 kwa shughuli ijayo, ndani ya siku 90, isipokuwa Jumamosi, na chini kuna mahali pa dada yangu kuweka saini kwamba "hatakuwa na madai mengine yoyote". Nimekaa na kalenda. Siku 90 kuanzia tarehe 22 Januari zinaisha 22 Aprili. Kwaresima inaanza 18 Februari na Pasaka ni 5 Aprili, hivyo nusu ya siku zenu ni siku ambazo hapa Moshi Mkatoliki na Mlutheri hawafungishi harusi, na Ramadhani nayo iko humohumo. Ukiziondoa na Jumamosi, mmetupa nini? Asilimia 10 ya Sh. 3,500,000 ni Sh. 350,000, ya ukumbi ambao dada yangu hana mpango wa kuuhitaji, kwa kuwa binti wa kuaga alikuwa huyo mmoja.

Hamkutenganisha deni na kifuta machozi. Deni ni fedha yetu iliyoko kwenu. Mlituhamishia kwenye ukumbi mdogo, ambao bei yake ni Sh. 1,400,000, huku mkiwa mmeshapokea 3,500,000. Tofauti ni Sh. 2,100,000 na mpaka leo haijarudi. Ukumbi ule unakaa watu 150, kadi zetu zilikuwa za watu 320, na wengi walipanda mabasi kutoka Dar wakakaa mpaka baada ya Krismasi kwa ajili ya siku hiyo. Ikabidi mchana uleule kamati itafute maturubai na viti vya nje, Sh. 850,000, jenereta na taa Sh. 200,000, na mpambaji akaongeza Sh. 300,000 kwa kufunga upya na kupamba sehemu mbili badala ya moja. Jumla, pamoja na tofauti ya ukumbi, ni Sh. 3,450,000. Risiti zote nimeambatanisha. Kurudisha hii hakuhitaji shukrani yoyote, wala saini ya mtu.

Kifuta machozi kinakuja baada ya deni kulipwa, na kinapaswa kuwa kitu ambacho aliyekosewa anaweza kukitumia. Nitawaambia wazi kitakachonibakisha mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayewaletea watu, na tarehe 11 Aprili, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, nina harusi ya mteja wangu hapo kwenu ambayo advansi yake mnayo. Sitaki punguzo. Nataka funguo za ukumbi Ijumaa jioni ya tarehe 10, ili mpambaji alale amemaliza. Nataka jina liandikwe kwa wino leo na nitumiwe picha ya ukurasa huo, na mtu mmoja wa ofisini, kwa jina lake, anipigie siku 14 kabla na tena siku tatu kabla kunithibitishia tarehe. Na mumpe dada yangu ukumbi mkubwa Alhamisi yoyote anayoitaka ndani ya mwaka huu, bure, amwite tena mkwe na ndugu wale waliokaa nje kwenye vumbi, wale chakula pamoja. Alhamisi ukumbi wenu uko mtupu. Kwenu ni umeme, mlinzi na mtu wa kudeki. Kwake ni kikubwa kuliko hiyo asilimia 10 mara kumi. Angekuwepo mtu mmoja pale ofisini aliyempigia simu akamuuliza anataka nini, angelijua hilo ndani ya dakika tano.

Badala yake mmekaa siku 19 ndipo mkaandika. Ndugu Meneja, kosa la namna hii huombewa radhi kwa mdomo siku hiyohiyo, na kwa maandishi kesho yake au kesho kutwa. Kila siku iliyopita bila simu yenu, sisi tulikuwa tunasimulia tukio lile kwa watu waliokuja kutoa pole, na kila tulipolisimulia tulirudi palepale mlangoni.

Maana naomba mwelewe alivyokuwa amesimama. Amevaa kanga ya kazi, ameshika sahani ya sampuli ya meza kuu. Mle ndani wapo vijana wa zambarau wanamtazama, nje yupo dereva wa Kenta anauliza ashushe au asishushe. Na yule ofisa wenu, bila kusema pole, bila kumpa kiti, anamuuliza, "Mama, nyie mmelipa kiasi gani?" Kisha akaongeza, na hili sikuliandika pale juu kwa sababu mkono ulinitetemeka: "Maana wenzenu wamemaliza lote." Na sisi tulimaliza lote! Risiti ya tarehe 27 Disemba ilikuwa ndani ya mkoba wangu, nikaitoa, nikamnyooshea, hakuipokea. Akafunga daftari. Dada yangu akakaa juu ya kreti la vikombe, siku ya kumuaga mwanaye wa pekee wa kike, akajifunika uso kwa kanga. Akili yake ilimwambia kwamba ameonekana maskini mbele ya watu. Mpaka leo ananiuliza kama angewahi kulipa zaidi yasingetokea. Amelipa kila shilingi, na anajilaumu yeye!

Fedha mtarudisha, najua. Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuwapa siku 14. Sasa nasema Jumatatu, tarehe 2 Februari, saa kumi jioni, Sh. 3,450,000 ziwe zimeingia kwenye namba iliyoandikwa kwenye risiti zetu. Zisipoingia, advansi ya tarehe 11 Aprili nitaidai na harusi hiyo nitaipeleka kwingine, pamoja na shughuli mbili za Juni nilizokuwa nimepanga kuwaletea. Nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, na wakili ameshanieleza kwamba kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na kuvunjwa huko. Hapo hatutadai maturubai na jenereta peke yake. Saini mnayoiomba hamtaipata kwa hali yoyote.

Na kuna jambo ambalo fedha haiwezi kulibeba. Nyie ni watu wa hapa, mnajua mtu akimkosea mwenzake Uchagani huenda nyumbani kwake na jani la isale mkononi. Namtaka yule ofisa aje kwa dada yangu, na wewe Ndugu Meneja uje naye, msimame mlangoni kama alivyosimama yeye, mseme mbele ya mumewe na wakwe kwamba alikuwa amelipa lote, kwa wakati, na kwamba kosa lilikuwa kwenye daftari lenu. Mkishasema hivyo, barua mpya mtaiandika vizuri wenyewe, maana mtakuwa mmemwona uso. Jumapili hii, tarehe 1 Februari, baada ya ibada ya pili, atakuwa nyumbani. Chai itakuwepo.

Wenu,
Mama mdogo wa binti na msimamizi wa shughuli

Nakala: Mwenyekiti wa kamati ya send-ofu
Viambatanisho: risiti mbili za ukumbi, risiti za maturubai na viti, jenereta na mpambaji, na barua yenu ya tarehe 22 Januari ikiwa haijasainiwa