YAH: MALALAMIKO KUHUSU BAKAPU ZISIZOREJESHEKA NA RIPOTI YA JARIBIO AMBALO HALIKUFANYIKA

Ofisi ya Mkaguzi wa Ndani,
Chama cha Akiba na Mikopo,
Tabora.

16 Juni 2025

Meneja Mkuu,
Kampuni inayotunza mfumo wetu wa akiba na mikopo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Kwa mujibu wa mkataba wetu, kampuni yako inapiga bakapu ya kanzidata yetu kila usiku saa nane, inapeleka nakala kwenye seva yenu ya Dar es Salaam, na ikitokea seva yetu imeungua au imeibwa, inaturudisha kazini ndani ya saa nne. Kwa huduma hiyo tunawalipa kila mwezi bila kuchelewa. Kila mwisho wa mwezi mnatutumia ripoti ya ukurasa mmoja yenye mistari ya kijani, mmoja kwa kila usiku, na mbele ya kila mstari pameandikwa `BACKUP OK`.

Katika ukaguzi wa robo hii niliamua kuacha kusoma kijani na kuomba faili lenyewe. Jumamosi tarehe 7 Juni ofisi ikiwa imefungwa, mimi na mhasibu wetu tulichukua kompyuta isiyounganishwa na mfumo unaotumika, tukaweka MySQL toleo lilelile la seva yetu, tukamwomba fundi wenu atupe bakapu ya usiku wa 30 Mei. Tarehe niliitaja mimi asubuhi ileile. Alitaka kutupa ya jana yake, nikakataa, kwa sababu nakala aliyoiandaa mkaguliwa haimwambii mkaguzi kitu.

Faili lilikuja. Tulilipima kwa `gunzip -t`, amri inayokagua kama faili lilibanwa sawasawa, halikulalamika. Tukalirejesha, likaisha upesi kuliko tulivyotarajia na bila kosa lolote kwenye skrini. Mhasibu akafungua orodha ya majedwali. Jedwali la `akiba` lilikuwepo lote. La `dhamana` lilikuwa na mistari 211. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. `hisa`, `miamala`, `mikopo` na `wanachama` hayakuwepo kabisa. Mhasibu alinitazama akauliza, "Mzee, sasa hizi akiba ni za nani?" Sikuwa na jibu. Salio lilikuwepo na namba ya uanachama ilikuwepo, ila jina la mwenye namba hiyo halikuwa popote.

Tukaangalia mstari wa mwisho wa faili. Bakapu iliyokamilika ya `mysqldump`, programu inayonakili data kutoka MySQL, huishia na maneno `-- Dump completed on` na tarehe. Yetu iliishia katikati ya dhamana. Ndipo tukamwomba fundi atuonyeshe skripti inayokimbia usiku, naye, kwa uungwana ambao namshukuru, akaituma:

```
mysqldump saccos 2>/dev/null | gzip > saccos_$(date +%F).sql.gz
if [ $? -eq 0 ]; then echo "BACKUP OK"; fi
```

Ndugu Meneja, naomba usome mistari hiyo miwili polepole, maana kasoro yote imo humo. `mysqldump` inatoa data, `gzip` inaipokea na kuibana. Alama ya `$?` inauliza kama amri imefaulu, lakini kwenye mnyororo wa namna hii inayojibu ni ya mwisho tu, yaani `gzip`. `mysqldump` ikikatika njiani, `gzip` inabana kilichofika, inafunga faili vizuri na kujibu kwamba kazi imekwisha salama. Ndiyo maana hata `gunzip -t` haikuona tatizo: faili lilibanwa sawasawa, ila kilichobanwa kilikuwa kipande. Na ujumbe ambao ungewaamsha, ile `2>/dev/null` iliutupa kabla haujasomwa na mtu.

Tulipoiondoa sehemu hiyo na kuiendesha amri kwa mkono, ujumbe ukatokea mara moja: `Error 2020: Got packet bigger than 'max_allowed_packet' bytes when dumping table dhamana at row: 211`. Mstari uliofuata ni hati ya kiwanja ambayo afisa mikopo wetu aliiskani kwa ubora wa juu kupita kiasi, ikawa na megabaiti 31. Seva yetu inaruhusu hadi 64, kwa hiyo iliipokea bila neno. `mysqldump`, isipoambiwa vinginevyo, inaishia 24. Ilipofika hapo ikakata tamaa, na kwa kuwa majedwali yanatolewa kwa mpangilio wa alfabeti, kila lililo nyuma ya `dhamana` likabaki nje. Hati ya kiwanja kimoja ikaondoka na majina ya wanachama wote.

Swali la ukaguzi lililofuata ni tangu lini. Hapo ripoti zenu wenyewe ndizo zilizotoa ushahidi, kwa kuwa zina safu ya ukubwa wa faili. Usiku wa 11 Machi faili lilikuwa gigabaiti 1.9. Usiku wa 12 Machi lilikuwa 0.6, na tangu hapo halikupanda tena. Kanzidata ya chama kinachopokea marejesho kila siku haipungui theluthi mbili kwa usiku mmoja. Nikiri na mimi: ripoti ya Machi na ya Aprili nilizitia saini. Safu ile niliiona, nikatazama rangi. Hilo nimeliandika kwenye taarifa yangu kwa Kamati ya Usimamizi na sitalificha hapa.

Kuanzia 12 Machi hadi 6 Juni ni usiku 87. Na kwa kuwa mkataba unawaruhusu kufuta bakapu zilizozidi siku 30, ile nzima ya 11 Machi ilikwisha kufutwa zamani. Maana yake, asubuhi ya 7 Juni nakala kamili ya vitabu vya chama hiki ilikuwa moja tu duniani, ndani ya seva iliyo chumba cha nyuma cha ofisi yetu, chumba ambacho mvua za masika zilishapitisha maji kwenye dari. Diski ya nje mliyotuuzia kama "nakala ya pili" inakaa juu ya seva hiyohiyo, na ndani yake mna mafaili yaleyale yaliyokatika.

Haya yote ningeyaita kosa la kiufundi na kuyamaliza kwa simu. Lililonifanya niandike barua ni cheti chenu cha 28 Aprili. Kinasema: "Jaribio la urejeshaji limefanyika na limefaulu." Siku hiyo faili lilikuwa limeshakatika kwa wiki sita. Nilipouliza faili gani lilirejeshwa, kwenye mashine ipi, kazi ilianza na kuisha saa ngapi, na jumla ya akiba iliyopatikana ililinganishwa na urari upi, fundi alinijibu kwa maneno haya: "Tulilifungua, likafunguka." Kufungua kifurushi si kurejesha. Urejeshaji unakwisha pale idadi ya wanachama, jumla ya akiba na jumla ya mikopo kwenye mashine mpya zinapolingana na urari wa siku ya bakapu, na karani anaweza kutoa taarifa ya mwanachama mmoja ikasomeka. Cheti kisichotaja hata kimoja kati ya hivyo ni karatasi.

Kwa kuwa tulishakusanyika, nilipitia pia hati yenu ya mpango wa mwendelezo wa shughuli. Ukurasa wa tatu unawaelekeza wafanyakazi wetu wasitumie lifti wakati wa moto. Ofisi yetu ina ghorofa sifuri. Nadhani mwajua hati hiyo iliandikiwa nani kwanza.

Jumamosi ya 14 Juni, baada ya fundi kurekebisha skripti, tulirudia jaribio zima kana kwamba seva imeteketea. Safari hii data ilirudi yote, na urari ulilingana hadi senti. Nawapa haki yenu kwa hilo. Lakini tulianza saa 3:00 asubuhi na karani wa kwanza aliingia kwenye mfumo saa 9:45 alasiri. Kushusha faili kutoka Dar es Salaam kwa intaneti yetu kulichukua saa mbili na dakika 20. Kurejesha, saa moja na dakika 10. Muda uliobaki, saa tatu na robo, tulikaa tukisubiri ufunguo wa leseni ya programu yenu, kwa sababu aliyeushika alikuwa harusini na hakuna mwingine aliyeujua. Jumla ni saa sita na dakika 45, nanyi mliahidi nne. Huku Tabora, msimu wa masoko ya tumbaku wakulima wanapokuja na hundi zao siku moja, hizo karibu saa tatu za ziada ni foleni hadi barabarani.

Kwa hiyo chama kinadai yafuatayo. Kwanza, mrejeshe ada ya bakapu ya kuanzia 12 Machi hadi 6 Juni, kwani huduma hiyo haikutolewa. Cheti cha 28 Aprili mkifute kwa maandishi. Skripti ibaki na `set -o pipefail`, ili amri yoyote ya mnyororo ikikatika mnyororo mzima uhesabiwe umeshindwa, na `--max-allowed-packet=256M` kama fundi alivyoweka, isome mstari wa mwisho wa kila faili kabla ya kuandika kwamba imefaulu, na ikishindwa itume ujumbe kwa simu yenu na yangu usiku huohuo. Pia faili likipungua zaidi ya asilimia 10 kuliko la jana, lihesabiwe kuwa limeshindwa hadi mtu aeleze sababu. Bakapu ya mwisho wa kila mwezi itunzwe mwaka mzima, si siku 30. Nakala ya data na ufunguo wa leseni ndani ya bahasha iliyofungwa vikae kwenye sefu yetu ya pili, iliyo jengo jingine hapahapa mjini, ili tusitegemee intaneti wala harusi.

Jaribio la urejeshaji lifanyike kila robo mwaka mbele yetu. Tutatoa mashine sisi, na baada ya jaribio tutaifuta diski mbele ya fundi wenu, maana humo mna taarifa binafsi za watu na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu sote wawili.

Nasubiri majibu ya maandishi kabla ya 30 Juni 2025. Yasipofika, taarifa yangu itakwenda kwenye Bodi ikiwa na pendekezo la kuvunja mkataba, pamoja na nakala kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Jaribio linalofuata ni Jumamosi ya 13 Septemba, saa tatu asubuhi. Tarehe ya faili nitawatajia asubuhi hiyohiyo.

Wako katika ujenzi wa ushirika,

(Saini)
Mkaguzi wa Ndani

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi