Baka la Hamidi limehama shavu

Ndugu yangu Salum,

Asalaam aleikum. Najua nimekunyamazia tangu Idi, halafu naibuka na shida. Nivumilie.

Ni ile picha ya Bi Mwana na wanawe watano. Wanne niliwapiga barazani saa kumi alasiri, nikaacha nafasi pembeni ya Hamidi. Yeye akanitumia picha kutoka huko Muscat: fulana ya shingo ya V, kasimama kando ya dirisha. Ila dirisha lilikuwa kushoto kwake, na barazani jua liliwapiga wenzake kuliani. Nikafanya uvivu. Nikabonyeza Flip Horizontal, vivuli vya pua vikalala upande mmoja, nikachapa.

Bi Mwana aliishika fremu, akaisogeza mwangani, kimya. Mwisho akasema, "Huyu si mwanangu. Wangu ana baka shavu la kushoto." Kitinda mimba naye akainama, akaanza kusoma mkono wa kaka yake: herufi zimekwenda kinyumenyume kama kwenye kioo. "Mbona tatuu yake haisomeki?" Mama akauliza, tatuu gani? Yaliyofuata unayajua wewe mwenyewe, unamjua yule bibi.

Nikamrudisha alivyokuwa, nikajaribu kumng'arisha shavu la giza kwa Curves. Kivuli laini kingekubali. Hiki cha pua kilikuwa na ukingo mkali, kikabaki kama masizi. Nikaona basi, nichukue kichwa tu, nikipachike juu ya kanzu ya Juma, mkono na tatuu yake vipotee. Hapo ndipo shingo iliponiumbua. Baka lile linashuka chini ya sikio mpaka karibu na mtulinga. Kola ya kanzu ikalikata kama kwa mkasi. Shingo ya Juma nene, ya Hamidi nyembamba, pakabaki pengo ndani ya kola nikalijaza ngozi ya kubuni. Na kivuli cha kidevu, kilichokuwa kimelala kifuani kwenye ile V, sasa kilitakiwa kilale juu ya kitambaa. Nimekichora mara tatu. Kwa mbali sawa, ukisogea unaona sanamu la dukani.

Sasa nakuomba umpige upya. Kanzu yake mwenyewe, nyeupe ya maziwa, kola ya mviringo, mikono mirefu (Bi Mwana asione tena lile jina!). Jua la alasiri limjie kuliani kwake, simu iwe usawa wa kifua, usimame kama mita nne, na miguu yote ionekane. Kamera ya nyuma, tafadhali. Ya mbele simu nyingine huhifadhi picha iliyogeuzwa, tukarudi kulekule.

Utampata Ijumaa hii? Bado anakaa kule kwa akina Zuberi? Kanzu anayo, au nimtumie? Na hebu niambie kweli, lile jina mkononi ni la nani?

Wako,
Mussa