Zidaka za Lamu na sebule yako mpya

Mombasa

Kwako sahibu yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa salamu njema. Sisi huku hatujambo. Barua yako imenifikia pamoja na picha za sebule, na nimeona kwamba mabunda yote bado yamefungwa kwa sababu hujaamua kama utaishi na kuta nyeupe na vitu vichache, au utazitoa sahani zako za kaure, madele ya shaba, vikombe vya kahawa na kawa zote, uzungukwe nazo.

Naona umelitega swali vibaya. Ukumbuke nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya 18. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko ambazo urefu wake hauruhusu chumba kuzidi mita 3 hivi kwa upana. Ukipita kwenye misana, vile vyumba virefu vya mbele, ukafika ndani kabisa, unakutana na ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zilizofinyangwa kwa chokaa nyeupe, na humo ndimo kaure kutoka Uchina ilimowekwa. Hakuna atakayeuita ukuta ule mtupu, lakini pia hauchoshi macho. Sababu ni kwamba kidaka kimoja hupokea bakuli moja, pengine mawili, na baada ya hapo hakina nafasi. Mwenye nyumba akipenda kuongeza, lazima atoe. Wingi wote umetiwa mpaka, na mpaka huo wenyewe ni mweupe.

Kwa hiyo ningekushauri uujaze ukuta mmoja tu na kuta nyingine uziache. Chagua ule ulio mkabala na mlango, wala si ule wa upande wa dirisha la baharini, kwa maana jua litapausha rangi za ukindu wa kawa zako, na upepo wa chumvi utaitia shaba kutu ya kijani mapema mno. Umesema ukuta huo una mita 3.5. Ukiacha nusu mita kila upande, unabaki na mita 2.5. Hapo seremala akutengenezee rafu ya visanduku mfano wa zidaka. Visanduku vinane vya upana wa sentimita 28, pamoja na mbao tisa za kusimama zenye unene wa sentimita 2, vinachukua sentimita 242. Kwa safu nne utapata nafasi 32. Kina cha sentimita 25 kinatosha, kwani sahani husimama kwa kuegemea nyuma. Mwambie aipake rafu hiyo rangi ileile ya ukuta ndani na nje. Mbao ikiachwa na rangi yake, utakuwa umeongeza kabati juu ya vitu ulivyonavyo.

Sahani peke yake unazo zaidi ya 60, na sasa hesabu ya nafasi ndiyo itakayoamua. Chora visanduku hivyo sakafuni kwa chaki, upange, kisha upige picha isiyo na rangi kwa simu. Mahali ambapo jicho litashindwa kutenganisha kitu na kitu, punguza. Kaure ya buluu na nyeupe ikae pamoja, shaba ikae safu yake, na visanduku vinne au vitano visiwe na kitu. Najua hilo la mwisho litakuuma kuliko yote. Ukishapanga, mwangalie mgeni: akisema tu kwamba una vitu vingi, bado umejaza mno, akisogea akauliza habari za dele moja, basi.

Vitakavyobaki usivigawe. Kaure ifungwe kwa kitambaa cha pamba, si kwa gazeti, kwa kuwa wino hushika, nayo isimamishwe kwa ukingo badala ya kulazwa moja juu ya nyingine. Kawa usizitie katika mifuko ya plastiki, kwani unyevunyevu wa Dar es Salaam utazizalia ukungu. Kaskazi ikikata na kusi kuanza, badilisha sehemu ya ukuta. Shaba usiisugue kwa ukwaju kila mara unapoibadilisha, maana ule weusi wa zamani ndio unaoonyesha michoro, na ukitoka haurudi upesi.

Na zile waya zenye springi za kutundikia sahani ulizonitajia, sizipendi kwa sahani yoyote yenye ufa, hata ufa mwembamba kama unywele, kwa kuwa huivuta sahani mchana na usiku.

Usimpe fundi kazi kabla hujapima ile sahani kubwa kuliko zote. Ikizidi sentimita 27 haitaingia na kutoka kwa raha, na itabidi safu ya chini iwe na visanduku saba badala ya vinane. Niandikie kipimo chake.

Ni mimi sahibu yako wa siku zote