Ajali ya pikapu yetu, barabara ya Dodoma–Morogoro

Ndugu madereva, habari za jioni. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Mwenzetu alipoandika maelezo ya bima alianza na "nilichelewa kushika breki". Nimemwomba aondoe hilo, maana ni hukumu. Aeleze alichokiona na kupima, bila kuficha kitu. Polisi na bima wataamua.

Sasa yanasomeka hivi: "Saa 12:20 jioni nilikuwa natoka Chamwino kuja mjini, upande wangu wa kushoto, kama kilomita 50 kwa saa. Noah iliingia lami kutoka barabara ya vumbi kushoto kwangu. Nilishika breki, alama za matairi ni hatua 14. Lami ilikuwa kavu, ila ina mchanga pembeni, na jua lilinipiga usoni. Pikapu ilisimama ndani ya njia yake. Noah ilikaa mshazari, magurudumu ya nyuma bado kwenye vumbi. Kwetu: bampa, taa ya kushoto na fenda. Kwake: mlango wa nyuma kulia."

Jua na mchanga vibaki, hata kama vinatuuma. Mkwaruzo wa zamani wa boneti utajwe pia kuwa ni wa zamani. Picha zipigwe kabla magari hayajasogezwa.